Mstari Mmoja kwa Mke wa Mzee

Ukatibu sikuuomba. Nilibebeshwa kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, na kwenye mlima wetu ule juu ya Kinole, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza, mwanamke mwenye mwandiko unaosomeka hakuwa na pa kujificha. Ukimwandikia mmoja barua ya posa, kesho wanakuja watatu. Nilikuwa mwalimu wa madarasa madogo katika shule ya misheni, sijaolewa, na kila mtu aliona nina nafasi tele. Hakuna aliyeniuliza kama ninaitaka.

Hospitali ya mjini Morogoro ilitangaza kwamba itafundisha wakunga kutoka milimani. Kila upande uunde kamati, kamati iwaite wasichana wanaotaka, iwachague wanaofaa, kisha ipeleke majina pamoja na sababu. Kule mjini kulikuwa na daktari mwanamke wa Kizungu, sisi tukimwita Bibi Mganga, ambaye angeyapitia majina yote na kukagua kama kila uamuzi ni wa haki. Masharti yalikuwa matano, na yalikuja yamepigwa chapa: umri, kusoma, afya, ndoa, na ridhaa ya mlezi. Awe ametimiza miaka kumi na minane, asome Kiswahili cha darasa la nne, awe mzima, asiwe na mume, na mlezi wake akubali. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja iliyotuponza: “Andikeni sababu kamili za kila uamuzi.”

Kamati yetu ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya mkono ambayo weupe wake ulikuwa hadithi ya zamani. Watu walimheshimu kwa busara na kumwogopa kwa ulimi. Wa pili alikuwa bibi mkunga wa kienyeji, Mkristo wa rozari shingoni, aliyezalisha nusu ya mlima, nami nikiwemo, jambo ambalo hakuacha kulitaja nilipompinga. Wa tatu nilikuwa mimi na daftari langu.

Sasa, mtu asiyekulia kwetu lazima aelewe kwamba mzee yule alikuwa na watani kila upande. Kuna koo zilizotaniana na ukoo wake tangu enzi za mababu, na hao akikutana nao lazima awatukane, wasipotukanwa wanadhani amenuna au anaumwa. Kuna mashemeji zake. Halafu kuna wajukuu, na kwa mjukuu wa kike mzee hana jina jingine ila “mke wangu”. Hayo ni mapenzi. Kwetu, mtu akikusema kwa adabu sana, anza kujiuliza umemkosea nini.

Siku ya uchaguzi tulikaa darasani mwangu, wao kwenye viti, mimi kwenye dawati la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Barua imesema sababu kamili, kwa hiyo niliandika kila alilolisema mwenyekiti, maana sababu za kamati zilitoka kinywani mwake. Bibi mkunga aliitikia tu “naam”.

Msichana wa kwanza alitoka kwenye ukoo wa watani. Alisoma vizuri, ana afya, masharti yote sawa. Mzee akasema, nami nikaandika: “Huyu ukoo wake ni wezi wa kuku tangu wakati wa Mjerumani. Bibi yake aliiba jogoo la marehemu baba yangu akalila na manyoya yake. Aende mjini, kuku wetu wapumzike. Amekubaliwa.”

Wa pili hakujua kusoma. Nilimpa kitabu akakishika juu chini. Lakini alikuwa mtoto wa watu wasio watani, na kumwambia mtoto wa watu wa heshima “hujui” mbele ya mama yake ni kumvua nguo. Kwetu, kumkatalia mtu ni safari: unazunguka, unapitia kwa wazazi wake, unawasalimu waliolala, ndipo unafika. Kwa hiyo mzee akasema, nami nikaandika ukurasa mzima na nusu: kwamba huyu ni binti wa adabu, kwamba mama yake alitupikia vizuri mwaka wa njaa, kwamba mjomba wake ni fundi wa mizinga asiye na mfano, kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa na njia ya kushuka barabarani ni mbaya, na kwamba tunamwombea kila la heri. Amekataliwa.

Wa tatu alikuwa na kikohozi kisichopoa. Mzee alimsifu kuliko hata wa pili. Amekataliwa.

Wa nne alikuwa mjukuu wake mwenyewe.

Binti huyu lazima nimweleze. Mama yake alikufa akijifungua, au niseme alikufa kabla hajajifungua, kwenye machela, wanaume wakimteremsha mlimani kumpeleka barabarani. Binti alikuwa mdogo lakini si mdogo wa kusahau. Alitembea nyuma ya machela ile. Baba yake, mtoto wa yule mzee, alihamia Turiani kwenye miwa akaoa huko, na mzee ndiye aliyemlea. Tangu tangazo la hospitali lilipofika, binti alikuwa anakuja kwangu kila jioni kusoma, anachoka mpaka anasinzia juu ya kitabu, na nikimwambia arudi nyumbani ananijibu, “Mwalimu, ukurasa mmoja tu.” Ndicho kitu pekee nilichomsikia akikitaka duniani. Hakutaka khanga, hakutaka mchumba. Alitaka kwenda kujifunza jinsi mtu asivyokufa kwenye machela.

Basi alisimama mbele yetu, akasoma bila kukwama. Mzee akamtazama, na niliona jicho lake limelowa. Akakohoa. Akasema, nami, kwa utiifu wangu wote, nikaandika: “Huyu ni mke wangu. Mvivu, anakula kama mchwa, usingizi wake ni wa gogo. Nimemchoka, mchukueni. Amekubaliwa.”

Bibi mkunga akaongeza kutoka pembeni, “Na mimi ni mke mwenzake, andika hivyo mwalimu.” Nikaandika hivyo.

Daftari likashuka mjini na lori la mboga, juu ya matenga ya kabichi.

Jibu lilikuja na tarishi, na tarishi alikuja na askari. Huyo askari alikuwa ametumwa, aliniambia kwa sauti ya chini, kuchunguza habari za wizi wa kuku tangu wakati wa Mjerumani. Nilimpeleka kwenye ile nyumba ya watani. Walipoelezwa tuhuma, walicheka mpaka baba mwenye nyumba akakaa chini. Kisha wakasema ni kweli kabisa, jogoo liliibwa, lilikuwa gumu, na wako tayari kuiba jingine mzee akinunua. Wakampikia askari, na alipoondoka wakamfungia kuku mzima wa kwenda naye, kama ilivyo desturi kwa mgeni. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anateremka bondeni na kielelezo chini ya kwapa, kinapiga kelele.

Barua yenyewe niliisoma peke yangu kwanza, na nilikasirika nikahisi masikio yanachemka. Bibi Mganga aliandika kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni, sahihi kila herufi. Aliuliza kwa nini kamati imemkubali mtu ambaye yenyewe inashuhudia kuwa ni wa familia ya wezi. Aliuliza kwa nini imewakataa wawili ambao haikusema hata neno moja baya juu yao. Na kuhusu wa nne alisema hana swali, kwa kuwa jambo liko wazi: msichana ameolewa, sharti la ndoa limevunjwa, mume wake ndiye mwenyekiti wa kamati, mke mwenza wake ni mjumbe, na hata hao wanakiri kwamba ni mvivu. Jina limefutwa. Yeye mwenyewe atapanda mlimani kuikagua kamati kabla orodha haijafungwa.

Nilimpelekea mzee barua shambani, nikamsomea amesimama katikati ya ndizi zake. Alicheka kwa wale kuku, akacheka kwa mke mwenza. Nilipofika kwenye jina lililofutwa aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, “Amefutwa na nani?”

“Umemfuta wewe, babu,” nikamwambia. Sikuwa na subira siku ile.

Binti hakumlaumu. Jioni alikuja kusoma kama kawaida, akakaa, akafungua kitabu, halafu akakifunga. “Mwalimu,” akasema, “sasa mimi nasoma kwa ajili ya nini?” Nilimwambia afungue ukurasa, nikageukia ubaoni nisionekane uso.

Bibi Mganga alifika kwa miguu, uso mwekundu kama nyanya, viatu vimejaa tope, dereva wake na gari vimebaki chini barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia na hakunipa nafasi. Alikunywa maji, akawasalimu wazee shikamoo kwa lafudhi ya ajabu, akakaa kwenye dawati la watoto kama mimi, magoti kidevuni, akafungua daftari. Alikuwa na usiku ule tu, kwa sababu asubuhi ilimpasa kushuka na orodha mkononi.

Nilikuwa nimemwonya mzee. Nilimwambia, babu, huyu si mtani wako, jibu maswali kama unayejibu mahakamani. Akaapa. Lakini Bibi Mganga alianza kwa kumwonyesha kwa kidole binti aliyekuwa amesimama mlangoni, na kuuliza kwa uso mkavu kabisa:

“Mzee, huyu ni mke wako?”

Hebu fikiri. Mzee huyu ametaniana maisha yake yote, na sasa mgeni kutoka ng’ambo, bila kufundishwa, anamrushia utani wa kwanza mlangoni, tena kwa uso mkavu, jambo ambalo ndilo ufundi wenyewe. Niliona furaha inampanda kutoka miguuni.

“Ndiyo!” akasema. “Unamtaka? Lete mahari!”

“Mahari?” Bibi Mganga akaandika.

“Mbuzi watatu na kofia mpya. Na wewe mwenyewe ukikaa nakuongeza, nyumba ni kubwa.”

“Amekuposa,” bibi mkunga akamfafanulia, kwa msaada. “Usikubali, anakoroma. Mimi ni mke mwenza, najua.”

Nilisimama, dawati likaanguka. Nilianza kueleza, Bibi Mganga akainua mkono kwamba katibu asubiri zamu yake. Nikasema sisubiri. Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba hii ni desturi, kwamba babu na mjukuu wanataniana, kwamba bibi huyu hajawahi kuolewa na mzee huyu wala asingekubali, kwamba kuku ni utani na sifa ni kukataa, na kwamba binti huyu hajaolewa na mtu yeyote duniani wala mbinguni. Mzee aliinamisha kichwa, ndipo alipotambua kwamba yule mgeni hakuwa anacheza.

Bibi Mganga aliweka kalamu chini.

“Ninakuamini,” akasema. “Lakini mimi mwakani nitahamishwa. Atakuja mwingine, atafungua daftari hili, na wewe hutakuwepo kumweleza. Atasoma nini?”

Nilitazama ukurasa wangu wa mwandiko mzuri na nikaona kwamba kila neno lililokuwa humo lilisemwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia mtu. Swali lake lilinichoma kwa sababu lilikuwa sawa.

Akachukua chaki. Akaandika ubaoni masharti matano, moja chini ya jingine. Akasema, kila sababu iwe mstari mmoja. Unaanza na jina la sharti. Kisha kile kilichoonekana au kilichothibitishwa, na nani. Ukimkataa mtu, taja sharti lililomwangusha, usitaje mvua wala mama yake. Ukimkubali, kila sharti lipate mstari wake, ili mkaguzi aweke kidole kwenye sharti, aweke kingine kwenye sababu, aone kama vinakutana. Neno lisilo na sharti la kukalia, lisiandikwe.

“Kwa hiyo hata sifa?” bibi mkunga akauliza.

“Hata sifa.”

“Hata matusi?” akauliza mzee, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya jeneza.

Tukaanza upya, mmoja mmoja. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, aliamua kama ni ufupi basi watauona. Kwa yule wa kikohozi akasema, “Andika: Afya. Basi.”

“Afya imefanya nini?” Bibi Mganga akauliza. “Anayo au hana?”

“Umesema kifupi.”

“Kifupi, lakini kiseme jambo.”

Wakavutana. Mwisho nikaandika: “Afya: kikohozi cha zaidi ya mwezi, apimwe kifua hospitali kwanza.” Na kumbe mstari ule ulifanya kazi ambayo sifa zote za mzee hazikufanya, kwa sababu Bibi Mganga aliusoma akasema binti huyo ateremke naye kesho akapimwe. Kwa yule wa pili tuliandika: “Kusoma: hakuweza kusoma kifungu alichopewa, ajaribu tena mwakani.” Niliogopa kumwambia. Lakini nilipomsomea, alishusha pumzi. Siku zote zile alikuwa anadhani amekataliwa kwa sababu ya mizinga ya mjomba wake au kwa mvua. Jioni ya pili alikuwa mlangoni kwangu na kitabu, na safari hii alikishika sawa. Mwizi wa kuku alipata mistari mitano safi, na nadhani alisikitika kidogo.

Tukabaki na mjukuu. Bibi Mganga akasema mzee atoke nje, kwa sababu mtu hamwamulii ndugu yake.

Mzee akabisha. “Nikitoka nani atamsemea?”

“Ushahidi utamsemea.”

“Ushahidi haukumlea.”

Alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Akasema, andikeni basi jambo moja, moja tu, mimi nitoke. Andikeni kwamba mama yake alikufa kwenye machela, na mtoto alikuwa nyuma anaona. Hiyo ndiyo sababu. Hizo nyingine zenu ni za kununulia mbuzi.

Nami nilitaka kuandika, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

“Hakuna sharti la hilo,” Bibi Mganga akasema taratibu. “Nikiliandika kwa huyu, msichana ambaye mama yake yuko hai atakuwa amepungukiwa na nini?”

Mzee alitoka. Hakufunga mlango. Tulimwona amekaa kwenye jiwe la kengele ya shule, ametupa mgongo.

Umri tulipata, msichana alikuwa na karatasi ya kliniki alikochanjwa utotoni, imehifadhiwa ndani ya kopo la chai. Kusoma alisoma. Afya Bibi Mganga alimpima mwenyewe. Zikabaki ndoa na ridhaa, na kwa yote mawili alihitajika mjomba, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kusema ameolewa au hakuolewa. Mjomba alikaa ng’ambo ya bonde. Tulituma mtu, na mvua ikaanza.

Alifika giza linaingia, amelowa, tope hadi kiunoni. Akampita mzee pale kwenye jiwe, na mzee, baba mkwe wa marehemu dada yake, kwa utani ni shemeji yake. Nikamwona mjomba anasimama. Nikaona mdomo unafunguka, uso unang’aa, na nikajua kabisa anachotaka kusema, kwamba amekuja kumchukua mpwa wake kutoka kwa mwizi huyu wa wake za watu. Nilikimbia. Mimi mwalimu wa misheni, nilikimbia kwenye mvua nikamshika mjomba wa watu mkono kama ninamkamata.

“Shikamoo mjomba. Usiseme kitu.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Utaulizwa mambo mawili. Jibu ndiyo au hapana. Usiongeze neno.”

“Hata salamu?”

“Hata salamu.”

Akaingia kama mtu anayeingia kwenye msiba asioujua. Bibi Mganga akauliza kama mpwa wake ameolewa. Akatazama kwangu. Akasema, “Hapana.” Akauliza kama anakubali aende kujifunza. Akasema, “Ndiyo.” Halafu akanong’ona kwangu, “Nimekosea?”

Nikaandika: “Ndoa: hajaolewa, mjomba amethibitisha mbele ya mkaguzi.” Nikaandika: “Ridhaa: mjomba amekubali.” Bibi mkunga akaidhinisha, nami pia. Bibi Mganga akasoma mistari yote mitano, kidole kwenye ubao, kidole kwenye daftari, akatia sahihi.

Nilimwita mzee nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akangoja.

“Endelea.”

“Imekwisha, babu.”

“Imekwisha?” Akatazama daftari, ingawa hakujua kusoma herufi zetu. “Yule mtoto mzima ni hayo tu?”

Ni bibi mkunga aliyemwokoa. Akasema, “Wewe nawe. Kitabu ni cha mgeni, mdomo ni wa kwako. Nani kakukataza kusema?” Na kweli, hakuna aliyekataza. Kuanzia siku ile ndivyo tulivyofanya miaka yote: mstari unaandikwa, daftari linafungwa, halafu mzee anasimama nje mbele ya watu wote na kuwasema wasichana na koo zao mpaka jua linageuka, na kila mtu anarudi nyumbani ameheshimiwa.

Asubuhi waliteremka, Bibi Mganga mbele, wasichana nyuma na vifurushi vyao. Mzee alisimama kwenye kona ya njia akapiga kelele bonde zima lisikie: “Mke wangu ananitoroka! Mshikeni! Mzungu ameniibia mke!” Niliona Bibi Mganga amesimama ghafla, mkono umekwenda mfukoni kwenye kalamu. Akageuka kunitazama kule juu. Nikatikisa kichwa. Akauacha mkono, akaendelea kushuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Binti alirudi baada ya mafunzo, akapewa kazi kwenye zahanati iliyojengwa karibu na shule. Machela bado zilikuwepo, lakini sasa zilipandisha wagonjwa kuja kwake, hazikuwa zinawashusha tu. Sitasema hakuna aliyekufa. Nitasema niliwasikia watoto wakilia usiku katika nyumba ambazo zamani tungesikia kina mama wakilia msiba.

Mzee aliugua mwaka wa mwisho wa kamati yetu. Ilikuwa kifua. Binti alimwuguza mwenyewe, akimchoma sindano huku naye akimtukana kwamba mke gani huyu anamdunga mume. Alfajiri moja mzee akakata roho, mkono ndani ya mkono wa binti.

Zahanati ilikuwa na daftari la vifo, na katika daftari lile kulikuwa na safu ya sababu. Niliingia nikamkuta binti amesimama mbali na meza, na mwenzake wa zahanati, dresa, yaani msaidizi wa tiba, ameshika kalamu.

“Andika wewe,” alikuwa anamwambia. “Mimi ni ndugu. Andika ulichokisikia kwenye kifua, usiandike kingine.”

Dresa akaandika: “Nimonia, pafu la kulia, amepimwa, dawa haikushika.” Binti akausoma mstari, akaweka kidole chini yake, akasema ni sawa. Kisha akavua aproni yake nyeupe, akaikunja, akaenda msibani.

Walipolitoa jeneza ndani, watani wakaanza kulizuia njia kama desturi, wale wa kuku wakidai wanunuliwe kwanza jogoo jingine la kuiba. Yeye akapita katikati yao, akasimama mbele ya wabebaji, uso umelowa, sauti haimtetemeki.

“Huyu ni mume wangu,” akasema. “Mvivu, anakula kama mchwa, usingizi wake ni wa gogo. Nimemchoka, mchukueni.”

Watu wakaangua kicheko na kilio kwa pamoja, wabebaji wakalinyanyua jeneza mabegani, wakaondoka naye.